Simu ya kundi la ukoo: nani aitwe, nani ajiunge mwenyewe

Mwezi Julai shangazi yetu aliteleza bafuni huko Tanga, akavunjika nyonga. Daktari alitaka jibu kabla ya asubuhi: afanyiwe upasuaji palepale au aletwe Dar es Salaam. Kundi letu la ukoo kwenye WhatsApp lina watu 41. Wengi wako Tanga na Dar, wachache Mombasa, dada yetu yuko Maskati, na kaka yetu mmoja anafanya kazi Toronto. Saa nne na nusu usiku nikafungua kundi, nikabonyeza alama ya simu, na kwa vile hatukuweza kuingia wote kwa mara moja, nikaanza kuchagua majina toka juu, bila kufikiri, mpaka nafasi zikaisha.

Mama alikuwa amelala tangu saa tatu. Ana presha. Kwetu simu ya usiku inayoita na majina ya ndugu kadhaa juu ya kioo haina maana nyingine: kuna msiba. Alianza kulia kabla hajapokea. Maskati ilikuwa saa tano na nusu, watoto wa dada wakaamka wote. Waliopokea walikuwa wakiuliza kwa pamoja, "Nani katutoka? Nani?" Robo saa nzima ilikwisha nikieleza kwamba shangazi yu hai. Kisha nikagundua mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa hospitalini na karatasi za daktari mkononi, hakuwamo kabisa. Jina lake lilikuwa chini ya orodha na sikulifikia.

Tangu usiku ule nimejifunza kuitumia simu ya kundi kwa makini, na nimeona familia nyingine zikipita njia ileile. Basi nieleze ninavyofanya sasa.

Kwanza idadi. Simu ya kundi ya WhatsApp, ya sauti au ya video, inabeba watu 32 kwa pamoja, nawe uliyepiga ukiwemo. Ilipoanza mwaka 2018 ilibeba wanne tu, mwaka 2020 ikafika wanane, na 32 tuliipata mwaka 2022. Wengi wetu tukaona tumepata ukumbi. Lakini kwa jambo la kuamua, mimi sipigii zaidi ya watu sita. Wakizidi hapo, wawili wanasema kwa mpigo, kila mmoja ananyamaza kumpisha mwenzake, kisha wanaanza tena kwa mpigo. Mzee mmoja akiwa ameweka simu kwenye spika karibu na televisheni, sauti ya kwake inawafunika wote. Huyo unaweza kumzimia maikrofoni wewe mwenyewe kwa kubonyeza jina lake na kulishikilia, naye ataiwasha akitaka kusema. Ila mwambie kwanza, "Baba mdogo, nakuzimia kidogo, kuna kelele," maana mkubwa akijikuta hasikiki bila taarifa anaona amenyamazishwa.

La pili, na ndilo lililotuponya, ni kutenganisha wanaoitwa na wanaokaribishwa. Simu inayoita inamtoa mtu usingizini, msikitini, kazini. Wastahili kuitwa ni wale tu ambao bila jibu lao jambo halisogei. Wengine wafunguliwe mlango waingie wakipata nafasi.

Siku mbili baada ya upasuaji tulihitaji kikao cha michango na zamu za kumuuguza. Mchana niliandika kwenye kundi: "Leo saa tatu usiku ya Dar, saa nne Maskati, saa nane mchana Toronto. Si habari mbaya, ni mpango wa shangazi." Yale maneno "si habari mbaya" siku hizi siyaachi. Ilipofika saa tatu kasorobo nikawapigia watano tu: mjomba, mama, dada wa Maskati, baba mdogo, na binamu anayeshika hesabu. Sikuanzia kwenye kundi. Nilianzia kwenye ukurasa wa simu, nikachagua majina matano. Kwa dakika kumi na tano tukakubaliana gharama na nani alale hospitalini wiki ya kwanza.

Kisha nikafungua gumzo la sauti ndani ya kundi. Unavuta skrini ya kundi toka chini kwenda juu, unashikilia kwa sekunde chache. Gumzo hili haliiti simu ya mtu. Wanakundi wanaona taarifa ya kimya, na juu ya kundi panaonekana waliomo hata kwa ambaye hajaingia. Mtu anaingia, anatoka, anarudi, na bado anaweza kuandika ujumbe huku akisikiliza. Akibaki mmoja tu na asiingie mwingine kwa dakika 60, linajifunga lenyewe. Mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa hakuingia kabisa na hakuna aliyemlaumu, kwa sababu hakukuwa na simu iliyoita akaacha kupokea. Kwa ndugu, kutopokea simu ni jambo, kutoingia kwenye gumzo si jambo.

Ugumu wake ni wanaochelewa. Kaka wa Toronto aliingia kwenye dakika ya ishirini na tano, akauliza, "Mmefikia wapi?" Ukijibu kwa mdomo, utajibu mara sita. Binamu mwenye hesabu alikuwa akiandika mistari mifupi ndani ya kundi kila tulipokubaliana jambo: kiasi, tarehe, jina. Kaka akasoma, akasema neno lake moja la maana, akarudi kazini.

Na kwa simu zile zinazoita, waambie ndugu jambo moja: ukiikosa, usimpigie aliyepiga. Simu yako inamwingilia katikati ya mazungumzo, na wakifanya hivyo watatu hasikii tena kinachosemwa. Fungua ukurasa wa simu. Kama mazungumzo bado yanaendelea utaiona pale juu, unabonyeza kujiunga. Ndivyo hata mtandao unapokukatikia: rudi mwenyewe, usisubiri kuitwa.

Kuongeza mtu katikati ni rahisi mno, na hapo ndipo maneno yanapoharibika. Unabonyeza alama ya mtu yenye kujumlisha, unachagua jina, simu yake inaita. Yeyote aliyemo anaweza kufanya hivyo, si aliyeanzisha peke yake. Anayeitwa anaona majina ya waliomo, la kwanza likiwa la aliyemwita. Ila ninyi mliomo mnaendelea kuzungumza wakati simu inaita, na akipokea anaingia katikati ya sentensi. Kikao kile tulikuwa tukilizungumzia deni la zamani la binamu mwingine, kwa huruma, kumpunguzia mchango. Mtu akamwongeza bila kusema. La kwanza alilolisikia kwetu ni jina lake na neno "deni". Akakata. Ilibidi baba mdogo aende kwake kesho yake.

Sasa anayetaka kuongeza mtu anasema kwanza: "Namwongeza fulani." Tunanyamaza mpaka aingie, tunasalimiana, shikamoo kwa wakubwa, anatajiwa waliomo na jambo lililopo mezani, ndipo tunaendelea. Kama ni mtu wa nje ya ukoo, mfano muuguzi, tunamwomba ruhusa kwa ujumbe kabla, kwa sababu ambao hawajahifadhi namba yake wataiona.

Shangazi sasa anatembea kwa fimbo. Alhamisi iliyopita alitaka kuzungumza na wote, akaniambia, "Mwanangu, usiwapigie, watashtuka. Nifungulie ule mlango." Nikamfungulia gumzo, akaketi kibarazani na simu mapajani, akimpokea mmoja mmoja.