Ukuta wa mita 89 za mraba: kupima kazi na kuhesabu vifaa

Wenzangu mnaoanza kazi ya kukadiria majengo madogo hapa Mombasa, jambo ambalo ningependa mlishike mapema ni kwamba orodha ya vipimo na bei, ile tunayoiita BQ, na hesabu ya vifaa vya kununua ni karatasi mbili zinazojibu maswali mawili tofauti. BQ inaeleza kazi itakayoonekana ikiwa imesimama: mita za mraba za ukuta, mita za ujazo za zege, kilo za nondo. Hesabu ya vifaa inaeleza kitakachopita langoni mwa kiwanja juu ya lori, pamoja na kile kitakachovunjika, kitakachomwagika na kitakachobaki. Nimeona bajeti nyingi za nyumba ndogo zikiharibika kwa sababu mtu alichanganya mambo haya mawili katika karatasi moja, akaongeza upotevu mahali ambapo haukustahili kuongezwa, akausahau mahali ulipohitajika.

Nitaeleza kwa nyumba moja niliyoipima Kisauni, yenye vyumba vitatu na kuta za matofali ya matumbawe. Vipimo vyake vya nje ni mita 8.00 kwa 6.00, unene wa ukuta ni mita 0.20, na kimo cha ukuta kutoka sakafuni hadi chini ya boriti ya juu ni mita 2.80. Ndani kuna ukuta mmoja unaokata nyumba katikati kwa upande mfupi, na mwingine unaogawanya nusu moja tu.

Anayeanza huchukua mzingo wa nje, yaani mita 28.00, akauzidisha kwa kimo. Hapo kila pembe amekwisha kuihesabu mara mbili, kwa kuwa kuta mbili zinazokutana haziwezi zote kumiliki kona ile ile. Njia iliyo salama ni kufuata mstari unaopita katikati ya unene wa ukuta. Kwa nyumba yenye pembe nne, unaondoa unene mmoja wa ukuta kwa kila pembe, yaani 4 mara 0.20, ambayo ni 0.80, na mzingo unakuwa mita 27.20. Ukuta wa ndani unapimwa kutoka uso hadi uso wa kuta unazogusa: ule wa kwanza ni 6.00 ukiondoa 0.40, sawa na mita 5.60, na wa pili ni mita 3.70. Jumla ni mita 36.50, na ukizidisha kwa 2.80 unapata mita za mraba 102.20. Yule aliyepima kwa vipimo vya nje bila kurekebisha angeandika mita 38.00 na kupata 106.40. Tofauti ya mita nne na kidogo inaonekana ndogo, lakini itamfuata hadi kwenye lipu na rangi, kwa sababu vipimo hivyo hivyo ndivyo vitakavyotumika huko.

Kisha ondoa nafasi. Milango mitatu ya 0.90 kwa 2.10 inachukua mita za mraba 5.67, madirisha manne ya 1.20 kwa 1.20 yanachukua 5.76, na linta zilizo juu yake, zikiingia ukutani mita 0.15 kila upande na zikiwa na kimo cha 0.20, zinachukua 1.92. Linta husahaulika sana kwa sababu haionekani kama shimo, ilhali zege lake limekwisha kuhesabiwa kwenye kifungu kingine cha BQ. Kinachobaki ni mita za mraba 88.85, nasi tunaandika 89.

Namba hii 89 ndiyo inayoingia BQ, na hairuhusiwi kuongezwa hata kidogo kwa ajili ya kuvunjika. Sababu yake ni ya vitendo. Mwenye nyumba, fundi na mkadiriaji wakisimama siku ya malipo na utepe wa kupimia, wataupata ukuta wa mita 89. Ukiandika 95 kwa nia njema ya kufidia upotevu, mita sita hizo hakuna atakayezipata popote ukutani, na maneno yatakayofuata hayatakuwa mazuri. Upotevu una makao yake, nayo ni bei ya mita moja: ndani ya bei hiyo unaweka matofali pamoja na yatakayovunjika, mota, ujira wa fundi na wasaidizi wake, na faida. Miaka yangu ya mwanzo niliongeza asilimia 7 kwenye eneo, kisha nikatumia bei ambayo tayari ilikuwa na asilimia 7 ndani yake. Ongezeko likawa karibu asilimia 14 na nusu, na mteja aliyekuwa na fedha za kumaliza akaamini kwamba hazitoshi, akapunguza chumba kimoja kwenye mchoro. Hadi leo kosa hilo linaniuma.

Sasa tuje kwenye karatasi ya pili, ambako matumbawe yana tabia zake. Tofali la zege lina kipimo kinachojulikana: la milimita 390 kwa 190 usoni, likiwekewa mota ya milimita 10, linaingia 12.5 katika kila mita ya mraba. Wengi huichukua namba hiyo na kuitumia kwa kila ukuta. Tofali la matumbawe hukatwa machimboni, na kipimo chake hutegemea mashine, mkataji na mwamba wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu nenda ulipo mzigo, chagua matofali kumi bila kuteua yaliyo mazuri, uyapime urefu na kimo moja moja, utafute wastani. Mzigo wa kwanza niliopima kwa nyumba hii ulikuwa na wastani wa milimita 380 kwa 220. Kwa kuwa nyuso za matumbawe hazilingani, mota yake huwa nene zaidi, nami nikaiwekea milimita 15. Basi kila tofali pamoja na mota yake linafunika mita 0.395 kwa 0.235, na katika mita moja ya mraba yanaingia 10.77. Kwa mita 89 ni matofali 959, na ukiongeza asilimia 7 kwa yanayovunjika wakati wa kushusha na kukata vipande vya pembeni, unaagiza takriban 1,030. Ningetumia namba ya tofali la zege ningepata 1,113 hata kabla ya kuongeza upotevu.

Kisha akaja muuzaji wa pili mwenye bei nafuu kwa kila tofali, na mwenye nyumba akafurahi. Nilimwomba tusubiri kidogo, nikapima kumi ya kwake: wastani ulikuwa 330 kwa 200. Kwa mota ile ile ya milimita 15 yanaingia karibu 13.48 katika mita ya mraba, yaani 1,200 kwa ukuta mzima kabla ya upotevu. Tuchukue bei za mfano tu: la kwanza shilingi 40, la pili shilingi 34. Mita moja ya ukuta kwa tofali la kwanza ni shilingi 431, na kwa la pili ni 458. Tofali la bei ya chini limejenga ukuta wa bei ya juu, na bado hatujahesabu kwamba viungo vimekuwa vingi, mota imeongezeka, na fundi anainua matofali mengi zaidi kwa kazi ile ile. Kwa hiyo bei za matumbawe zilinganisheni kwa mita ya mraba ya ukuta, kamwe msizilinganishe kwa tofali.

Mota yenyewe hupatikana kwa kuondoa ujazo wa matofali katika ujazo wa ukuta. Kwa mzigo wa kwanza inabaki kama mita za ujazo 0.02 kwa kila mita ya mraba, hivyo ukuta wote unahitaji karibu 1.8. Kwa mchanganyiko wa saruji moja na mchanga nne, mita moja ya ujazo hula karibu mifuko 7.6 ya kilo 50, na jumla ni mifuko 14 hivi. Mimi huagiza 16, kwa sababu matumbawe yana vinyweleo na mashimo yanayomeza mota ambayo hesabu haiioni.

Sakafu ni fupi kueleza, lakini huko ndiko fedha huzama bila mtu kutambua. Mchoro unasema zege la milimita 100 kwa eneo la 8.00 kwa 6.00, yaani mita za ujazo 4.80, na BQ itaandika hivyo. Zege la 1:2:4 linahitaji karibu mifuko 6.3 ya saruji kwa mita ya ujazo, kwa kuwa vifaa vikavu hupungua vinapochanganywa na maji na kushindiliwa, hata mita 1.54 za vikavu zikatoa mita moja ya zege. Hapo ni mifuko 31. Lakini kifusi kilichoshindiliwa vibaya, kikashuka milimita 20 tu, kinaifanya sakafu iwe ya milimita 120, na zege linafika 5.76, sawa na mifuko 37. Siku moja kabla ya kumwaga zege, vuta uzi kutoka pembe hadi pembe kwenye kimo cha sakafu iliyokamilika, upime kwenda chini katika sehemu tisa au kumi. Kama wastani umepita 100, kurudisha kifusi na kukishindilia ni rahisi kuliko kununua saruji ya kujaza bonde. Fundi atakwambia kwamba zege litajisawazisha lenyewe, na kweli litajisawazisha, ila kwa mifuko ya mwenye nyumba.

Karatasi hizi mbili zikikamilika, msizifungie ofisini. Kwenye nyumba ya Kisauni tuliweka daftari langoni na kuandika kila lori: matofali mangapi, mazima mangapi, yaliyofika yamevunjika mangapi. Ukuta ulipofika mita za mraba 30 tulisimamisha kazi kwa nusu saa, tukapima ukuta na kuhesabu yaliyobaki. Hesabu ilitarajia yawe yametumika 323, au kama 346 pamoja na upotevu. Daftari lilionyesha 372. Tulipotazama rundo la vipande tuliona kwamba vijana walikuwa wakikata tofali zima kila walipohitaji nusu, na nusu iliyobaki ikitupwa. Fundi mwashi aliagiza vipande vipangwe kando kwa urefu wake na vitumike kwanza kwenye pembe za milango, na tulipopima tena kwenye mita 60, matumizi ya mita 30 za pili yalikuwa matofali 341.