Sawubona: ni "nakuona" kweli?

Swali: Nasoma kila mahali kwamba "sawubona" ya Wazulu maana yake ni "nakuona", yaani "natambua upo". Ni kweli? Na nikiikuta kwenye maandishi ninayotafsiri, niandike "nakuona" au "hujambo"? (Msomaji, Morogoro)

Kitenzi umekipata, nafsi ndiyo siyo. Bona ni ona yetu; Kinyarwanda na Kirundi nao wamebaki na ile b ambayo Kiswahili kimeidondosha. Lakini anayesema "nakuona", kwa maana ya kukuona kwa macho, kwa Kizulu husema ngiyakubona. Ngi- ndiyo "mimi". Katika sawubona hiyo ngi- haimo.

Kilichomo ni sa-, yaani si- ya "sisi" iliyoungana na -a-, kama tu- yetu inavyoungana na -a- tukapata twa-. Inayofuata ni -wu-, ambayo zamani ilikuwa -ku-. Maandishi ya karne ya 19 yana sakubona. Weka vipande sambamba: sa-ku-bona, twa-ku-ona. Ukiwaamkia watu wengi, -ni- inakaa mahali pa -ku- na unapata sanibona, au sanibonani. Kwa hiyo neno kwa neno ni "twakuona", na kwa sarufi ya Kizulu ya leo umbo hilo la sa- ni la wakati uliopita, karibu na "tulikuona". Ndani ya salamu limeganda tu, wala hakuna anayeuliza ni lini.

Huo wingi una uzito wake. Mtu akiwa peke yake bado anakuamkia kwa "sisi", na wazungumzaji wengi hulieleza jambo hilo kwamba anakuja na watu wake, waliopo na waliotangulia. Upande wa pili nao huongezwa wingi kwa heshima: mzee mmoja anaweza kuambiwa sanibonani, kwa sababu naye hasalimiwi bila nyumba yake.

Hata hivyo, usidhani kila Mzulu anayesema sawubona dukani anafikiria kuona. Sisi tunasema shikamoo bila kushika mguu wa mtu, na hujambo bila kuwaza jambo lolote. Salamu huchakaa kwa kutumika. Kinachochanganya wengi ni maelezo yanayosambaa kwamba jibu lake ni ngikhona, "nipo", kana kwamba mtu hakuwepo mpaka alipoonwa. Jibu la sawubona ni yebo, "ndiyo", au yebo, sawubona. Ngikhona inakuja baadaye, ikijibu unjani?, "u hali gani?". Ni "nipo" ileile tunayojibu tukiulizwa "upo?". Wengine hutaja jibu liitwalo "shiboka". Hilo si neno la Kizulu, usiliandike.

Kutambuliwa kwenyewe kunasikika zaidi katika neno linalofuata salamu. Mtu wa ukoo wa Khumalo akiamkiwa sawubona, Khumalo, ameitwa jina lake. Akiamkiwa sawubona, Mntungwa, ameguswa penyewe, maana Mntungwa ni isithakazelo, jina la sifa la ukoo wa Khumalo. Anayelitamka anajua huyu ni wa nani. Buthelezi huitwa Shenge, Mkhize huitwa Khabazela. Ndivyo pia Mandela, Mxhosa, alivyoitwa Madiba. Kosa hapa linauma: ukimwita Khumalo "Shenge", umemweka kwenye nyumba ya watu wengine, na sawubona yako nzuri haitakuokoa. Kama hujui ukoo, sema baba, mama, au gogo kwa bibi, inatosha kabisa.

Sasa tafsiri yako. Katika mazungumzo ya kawaida andika "hujambo", na kwa sanibonani andika "hamjambo". Sanibonani ikiwa kwa mzee mmoja, tumia "shikamoo", kwa sababu heshima ndiyo inayobebwa pale, si idadi. "Nakuona" iache. Mitaani kwetu ukimwambia mtu "nakuona!" atadhani unamsifia mambo yake kwenda vizuri, au unamwonya kwamba unamfuatilia. Pale tu mwandishi anapocheza na maana ya kuona ndipo ubakize sawubona, kisha umpe msomaji "twakuona" mara moja.

Wala usihangaike kutafuta "natambua uwepo wako". Ni maneno mazito yasiyo na mdomo wa kuyasema. Kiswahili kinalibeba wazo hilo ndani ya -ona yenyewe. Tunakwenda "kumwona" mgonjwa, na hatuendi kumtazama. Anayedharauliwa hulalamika, "ananiona si mtu". Mhusika wako akiwa na uchungu wa kupitwa bila salamu, hilo ndilo la kumtilia mdomoni. Na Mntungwa ibaki Mntungwa. Ukiigeuza kuwa "Bwana Khumalo" umeufuta ukoo aliotajiwa.