Nodi ya juu kabisa ndiyo inayopanga saa: kwa anayeanza kupiga bei ya opsheni kwa gridi

Wengi wanaoanza kutatua mlinganyo wa Black-Scholes kwa gridi huchagua kwanza idadi ya hatua za muda, kisha ndipo wanafikiria bei. Huamua kwamba hatua moja kwa kila siku ya soko inatosha, hivyo mwaka una hatua 252. Halafu wanagawa bei ya hisa vipande vidogo iwezekanavyo, wanaendesha programu, na jibu linatoka na tarakimu ishirini zenye alama ya kutoa mbele. Ushauri wangu ni kufuata mpangilio wa kinyume. Chagua gridi ya bei kwanza, kisha uache gridi hiyo ikuambie hatua ya muda inaweza kuwa kubwa kiasi gani.

Nitatumia mfano mmoja tu. Tuna opsheni ya kununua ya Kizungu, yaani isiyotekelezwa kabla ya siku ya mwisho. Bei ya utekelezaji ni K = 100, muda uliobaki ni mwaka 1, riba r = 0.05 na kuyumba kwa bei σ = 0.2. Hisa leo iko 100. Fomula ya Black na Scholes ya mwaka 1973 inatoa 10.45 kwa opsheni hii, na ndiyo sababu ni mfano mzuri wa kujifunzia: jibu tunalijua kabla hatujaanza.

Mhimili mmoja wa gridi ni bei ya hisa kuanzia 0 hadi Smax, ukigawanywa vipande N. Tuchukue Smax = 200 na N = 100, hivyo nodi zimeachana kwa 2 na hisa ya leo iko kwenye nodi ya 50. Mhimili wa pili ni muda, nao tunautembea kinyumenyume. Siku ya mwisho thamani ya opsheni inajulikana: ni S − K ikiwa hisa imepita K, vinginevyo ni sifuri. Kutoka hapo tunarudi nyuma hatua kwa hatua hadi leo. Njia hii huitwa ya moja kwa moja kwa sababu thamani mpya ya kila nodi inatokana na thamani tatu tunazozijua tayari, yaani ya nodi yenyewe na za jirani zake wawili. Hakuna mfumo wa milinganyo wa kutatua.

```python
import numpy as np
K, T, r, sig = 100.0, 1.0, 0.05, 0.2
Smax, N = 200.0, 100
M = int(np.ceil(T * (sig**2 * N**2 + r)))
dt = T / M
i = np.arange(1, N)
S = np.linspace(0, Smax, N + 1)
V = np.maximum(S - K, 0)
a = 0.5 * dt * (sig**2 * i**2 - r * i)
b = 1 - dt * (sig**2 * i**2 + r)
c = 0.5 * dt * (sig**2 * i**2 + r * i)
for k in range(1, M + 1):
    V[1:-1] = a * V[:-2] + b * V[1:-1] + c * V[2:]
    V[-1] = Smax - K * np.exp(-r * k * dt)
print(M, V[N // 2])
```

Angalia a, b na c kwa makini, maana mambo yote yamo humo. Bei ya hisa kwenye nodi ni i mara upana wa kipande, kwa hiyo S² iliyo kwenye mlinganyo ikigawanywa kwa mraba wa upana huo inabaki i². Upana wenyewe umetoweka. Jumla ya a, b na c ni 1 − r·dt, yaani karibu moja ikipunguzwa na riba ya hatua moja. Ukizisoma hivyo, zinakuwa kama uwezekano wa hisa kushuka nodi moja, kubaki ilipo, au kupanda nodi moja, kisha wastani unapunguzwa kwa riba. Brennan na Schwartz walieleza uhusiano huu mwaka 1978, na aliyezoea mti wa matawi matatu ataona kwamba gridi hii na mti ule ni ndugu.

Uwezekano hauwezi kuwa hasi, na hapo ndipo sharti la uthabiti linapotoka. b inabaki sifuri au zaidi pale tu dt isipozidi 1/(σ²i² + r), na sharti hilo lazima litimie kwenye kila nodi. Kwa kuwa i² inakua kadiri unavyopanda, nodi kali kuliko zote ni ya juu. Weka i = N na utapata kanuni ya kufanyia kazi: dt ≤ 1/(σ²N² + r). Kwa mfano wetu, 0.04 × 10,000 + 0.05 ni 400.05, hivyo mwaka mmoja unahitaji hatua 401. Ukiziweka, jibu linakaa karibu kabisa na 10.45, na tofauti utaitafuta kwenye desimali ya pili au ya tatu.

Sasa rudisha zile hatua 252. Kwenye nodi ya 50, ambayo ndiyo unayoitaka, b ni kama 0.60 na kila kitu kinaonekana salama. Kwenye nodi ya 99, ambapo hisa iko 198 na wewe huna shida napo, b ni −0.56. Kosa dogo lolote linalopanda na kushuka nodi kwa nodi kama meno ya msumeno huzidishwa hapo kwa takribani 1 − 2σ²i²·dt, yaani karibu −2 kwa kila hatua. Alama inageuka na ukubwa unakaribia kuongezeka maradufu. Kosa hilo si lazima ulilete wewe. Kompyuta inapokata desimali kwenye nafasi ya kumi na nne inatosha, kwa sababu kinachozidishwa kwa karibu mbili hufika kwenye namba nzima baada ya hatua makumi kadhaa tu, na bado una hatua nyingi mbele. Nodi zote zilizo juu ya bei ya 159 hivi zinavunja sharti. Uharibifu unaanzia huko, kisha unashuka hadi kwenye nodi ya 50.

Ndiyo maana huwaambia wanaoanza wasichapishe namba moja ya katikati tu. Chora safu nzima ya V baada ya kila hatua 20 hivi. Gridi inayolipuka hujionyesha mapema upande wa kulia: mstari uliopaswa kuwa laini unaanza kutetemeka, nodi moja juu na inayofuata chini, huku bei ya katikati ikiwa bado na sura nzuri. Hali hiyo ya katikati ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ukikatisha mapema unaweza kuondoka na namba inayokubalika iliyotoka kwenye gridi mbovu. Kama hutaki kuchora, weka ukaguzi: thamani ya opsheni ya kununua haiwezi kuwa chini ya sifuri wala kuzidi bei ya hisa yenyewe. Msumeno utavunja mojawapo.

Si kila kosa ni la uthabiti, na kuna jaribio rahisi la kutenganisha. Badala ya malipo ya opsheni, anza na V = S kwenye nodi zote, na ukingo wa juu uushikilie kwenye Smax. Hisa yenyewe ni suluhisho la mlinganyo huu, na kwa a, b na c tulizoandika, gridi hurudisha S ileile. Kama safu imebadilika baada ya hatua ya kwanza tu, umekosea kwenye fomula, mara nyingi alama ya r·i. Kama imebaki ilivyo kwa muda kisha ikaanza kupasuka upande wa juu, fomula ni sahihi ila hatua ya muda ni kubwa. Nikikaa na mtu kwenye msimbo usiofanya kazi, hili ndilo la kwanza ninalomwomba aliendeshe. (Wanaotumia kitanzi cha nodi moja moja wahakikishe pia kwamba safu ya zamani haifutwi kabla ya kutumika. Kwenye msimbo wa juu NumPy huhesabu upande wa kulia wote kwanza, kwa hiyo tatizo hilo halipo.)

Sharti hili si ukuta wa saruji. Ukiweka hatua 390 badala ya 401, b inakuwa hasi kidogo sana kwenye nodi ya 99 peke yake, na ukingo ulioshikiliwa kando yake unazuia kosa lisikue. Programu itapita. Usijenge mazoea juu ya hilo, kwa sababu hesabu ileile ikibadilishiwa σ kutoka 0.2 kwenda 0.25 inadai hatua 626.

Kinachouma zaidi ni gharama. Ukitaka gridi laini mara mbili, N = 200, hatua zinakuwa 1,601. Nodi zimeongezeka mara mbili na hatua mara nne, hivyo kazi ni mara nane. Na kwa kuwa sharti linamtazama N tu, kupanua Smax hadi 400 bila kubadilisha upana wa kipande kunakugharimu sawasawa, ingawa usahihi wa nodi ya 50 haujaongezeka hata chembe. Katika mfano huu 200 inatosha, maana kwa hisa iliyoko 200 opsheni ni karibu sawa kabisa na S − K·e^(−rτ), τ ukiwa muda uliobaki. Kwa σ kubwa au muda mrefu utalazimika kwenda juu zaidi.

Njia ya kutoka ninayoipenda ni kubadilisha mhimili. Tumia x = ln S badala ya S. S² inatoweka kwenye mlinganyo, nodi zote zinakuwa na ukali uleule, na sharti linakuwa dt ≤ 1/(σ²/dx² + r). Kwa dx = 0.02, ambayo karibu na hisa ya 100 ni upana uleule wa 2, tunapata 100.05, hivyo hatua 101 zinatosha badala ya 401. Gridi inayoanzia bei ya 25 hadi 400 inahitaji vipande 139 tu. Utakachopoteza ni urahisi wa kuweka K na bei ya leo juu ya nodi kamili, kwa hiyo panga gridi ianzie ln K na uhesabu nodi kwenda pande zote mbili.

Ubavu wa chini nao una sharti lake. Ili a isiwe hasi, σ²i lazima ifikie r. Katika mfano wetu nodi ya 1 pekee inakosa, na pale opsheni ya kununua haina thamani yoyote, kwa hiyo hakuna kitakachoonekana. Lakini kwa σ = 0.05 na riba ileile, nodi zote zilizo chini ya ya 20 zinakosa. Hapo badilisha kipande cha r kitumie nodi yenyewe na jirani wa juu tu. Usahihi utapungua kidogo, na sharti la dt nalo linabadilika kuwa 1/(σ²i² + r·i + r), hivyo ulihesabu upya kabla ya kuendesha.

Na kama σ yako inabadilika kwa bei na kwa muda, usiweke wastani wake kwenye fomula ya M. Pita kwenye jedwali lote, tafuta σ²i² iliyo kubwa kuliko zote, na utumie hiyo.