Kumchora mtoto uso wa paka: masikio, pua na masharubu

Rangi tatu zinatosha: nyeupe, nyeusi na waridi. Ziwe rangi za uso, zile zinazolowanishwa kwa maji. Rangi za kuchorea karatasi hazikutengenezwa kwa ajili ya ngozi, hata kama kopo limeandikwa kwamba hazina sumu. Siku moja kabla, paka rangi kidogo upande wa ndani wa mkono wa mtoto. Pakiwasha au pakiwa pekundu, usiitumie. Mwenye mafua, kidonda au upele usoni asichorwe hadi apone, kwani brashi na sponji huhamisha maambukizi kwa anayefuata.

Anza na masikio. Ukianza na pua, mtoto ataigusa kabla hujamaliza. Funga nywele nyuma, kisha kwa sponji piga pembetatu mbili nyeupe kwenye paji la uso. Kitako cha kila pembetatu kikae juu kidogo ya unyusi, na ncha ielekee juu na nje, karibu na nywele zinapoanzia. Ncha zikielekea ndani, unapata pembe badala ya masikio. Weka waridi katikati, subiri ikauke, ndipo uzungushe mstari mweusi. Nyeusi ikipita juu ya nyeupe mbichi hugeuka kijivu, na hapo hakuna marekebisho zaidi ya kufuta na kuanza upya.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi. Sponji iwe na unyevu tu, ukiiminya isitoe tone. Brashi inahitaji maji zaidi kidogo, mpaka rangi iwe laini kama mtindi. Maji yakizidi, mstari unachuruzika; yakipungua, unakatikakatika. Rangi nzito mno nayo hupasuka mtoto anapocheka.

Kwa pua, paka nyeusi kwenye ncha tu, bila kuingia matunduni, kisha shusha mstari mwembamba hadi mdomo wa juu. Pande mbili za mstari huo gonga nyeupe kwa sponji, iache ikauke, uweke vitone vitatu vyeusi kila upande.

Masharubu yanatoka kwenye vitone hivyo. Mwambie mtoto alegeze uso, asitabasamu: tabasamu huinua mashavu, na mistari iliyochorwa wakati huo hupinda akitulia. Egemeza kidole chako kidogo kidevuni mwake ili mkono usitikisike. Gandamiza brashi kwenye kitone, vuta kuelekea sikioni kwa mvuto mmoja bila kusita, ukiinyanyua taratibu hadi mstari uishe kwa ncha nyembamba. Chora sharubu la juu la kulia, kisha la juu la kushoto, halafu ushuke. Ukimaliza upande mmoja kwanza, wa pili ni vigumu kulingana nao.

Palipokosewa, futa kwa pamba ya masikio iliyolowa, si kwa kidole, maana kidole hutandaza nyeusi. Jioni osha kwa maji vuguvugu na sabuni laini. Weusi ukibaki, lainisha kwa mafuta ya watoto dakika moja, mbali na macho, kisha osha tena bila kusugua.