Bibi hajalala: jinsi nilivyojibu maswali ya mjukuu wangu kuhusu kifo

Usiku wa tatu baada ya kumzika mke wangu, mjukuu wangu mwenye miaka 6 alikataa kulala. Aliketi kitandani ameegemea ukuta, macho makavu kama ya kinda la ndege. Mama yake alimbembeleza, akamtisha, akambembeleza tena. Mwisho akaniita mimi. Nilipomuuliza kisa chake, alinijibu kwa sauti ya chini: "Babu, nikilala watanitia mchangani."

Kosa lilikuwa langu. Asubuhi ya msiba, nyumba imejaa watu na maji ya kuoshea yanachemka uani, aliniuliza Bibi ana nini mbona hasemi. Nikamwambia, "Bibi amelala." Nilidhani nimempunguzia. Baadaye akiwa kwenye baraza aliona jeneza likitoka, akasikia watu wakisema linapelekwa makaburini. Akaunganisha mambo mwenyewe: mtu hulala, watu humfunga nguo nyeupe, humchukua, humfukia. Nani angelala baada ya hapo?

Shangazi zake nao walikuwa wamechangia. Mmoja alimwambia Bibi amesafiri, na mtoto akawa anakwenda kivukoni kutazama wanaoshuka. Mwingine alimwambia Mungu amempenda Bibi zaidi ndiyo maana amemchukua. Hilo lilimfanya akatae kwenda chuoni siku mbili, kwa hesabu yake kwamba akihifadhi sura nyingi Mungu atampenda naye pia. Maneno hayo tunaambiana sisi watu wazima na hatudhuriki, kwa sababu tunajua yanasimama mahali pa nini. Mtoto wa miaka 6 hajui. Yeye huyachukua kama yalivyo.

Usiku ule nilimwambia hivi: "Bibi hajalala. Bibi amekufa. Aliyelala anapumua, weka mkono hapa kifuani kwangu, halafu uweke kwako. Umesikia? Aliyekufa hapumui, hasikii njaa, haumwi, hasikii baridi. Mwili wake umekoma kufanya kazi na hautaanza tena hapa duniani." Nilidhani atalia. Badala yake aliacha mkono wake kifuani kwangu kitambo kirefu, akalala hapohapo. Tangu siku ile nimeshika utaratibu mmoja: kwanza namwambia ukweli wa mwili kwa maneno makavu, kisha ndipo namletea mfano wa dini. Ukianza na mfano, mtoto huchukua mfano ukawa ndio ukweli wa mwili.

Kesho yake akaja na swali la pili, na hili nililitarajia. "Kule chini anapumuaje?" Nikampeleka chumbani, nikamwonyesha kanzu yangu ya Ijumaa iliyotundikwa msumarini. Nikamwambia, nikiivaa kanzu hii inatembea, inainama, inasujudu. Nikiivua, inabaki kanzu tu, ukiifinya hailii. Mwili ni vazi ambalo Mwenyezi Mungu alimvika Bibi, na roho ndiye Bibi mwenyewe aliyekuwa ndani. Vazi tumeliosha kwa maji ya majani ya mkunazi, tukalitia karafuu maiti linukie, tukalifunga sanda ya vipande 5 kama wanavyofanyiwa wanawake, tukaliweka kwenye mwanandani na kuliziba kwa mbao ili mchanga usiliangukie. Tumelihifadhi kwa heshima kwa sababu lilikuwa lake. Roho imerudi kwa mwenyewe. Ndiyo maana ya yale tunayosema mtu anapofariki: sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea.

Zile mbao zilimtuliza kuliko yote. Kumbe kilichomkera ni mchanga kuingia machoni mwa Bibi. Sikuwa nimefikiri kumweleza, lilinitoka tu. Tangu hapo najifunza kumuuliza kwanza, "Wewe unaonaje?" kabla sijajibu, maana mara nyingi swali analouliza silo linalomkereketa.

Kulikuwa na moja alilolificha kwa wiki nzima. Siku aliyoanguka, Bibi alimwomba amletee maji ya kunywa, naye alikuwa anacheza gololi, akasema subiri. Aliyeniambia si yeye, ni dada yake. Nikamketisha, nikamweleza kwamba mshipa ulipasuka kichwani mwa Bibi kwa sababu ya presha aliyokuwa nayo tangu yeye hajazaliwa, na kikombe cha maji kisingeuzuia. Kisha nikamwambia kila mtu ana ajali yake, siku aliyoandikiwa na Mola wake, haiji mbele wala nyuma kwa sababu ya mtoto kucheza gololi. Niliyasema yote mawili kwa makusudi. Ningesema ajali peke yake, angebaki akijiuliza kama yeye ndiye aliyetumwa kuileta.

Maswali mengine yalitufanya tucheke katikati ya msiba. Mke wangu, kama mabibi wote wa pwani, alimwita "mume wangu", na mimi nikawa mume mwenza. Aliposikia wanawake wakizungumza habari za eda, akaja kuniuliza kama sisi waume wawili tutakaa ndani miezi 4 na siku 10. Nikamwambia eda ni ya wanawake, sisi tunakwenda dukani kama kawaida. Akasema, "Afadhali."

Mfano uliokaa zaidi nyumbani kwetu ni wa nazi. Hapa Pangani hakuna mtoto asiyejua kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi. Nyuma ya jiko kulikuwa na nazi kavu Bibi aliyoisahau kwenye kona yenye unyevu, ikachipua. Nikaipasua moja ya namna hiyo mbele yake. Maji yalikuwa yamekwisha, na mahali pake limejaa joya, lile tunda laini la ndani linalolisha mche kabla mizizi haijashika ardhi. Akalila nusu. Nikamwambia, ukiitazama kwa nje ilikuwa imekufa: kumbi limekauka, haisikiki maji ukiitikisa. Katika Sura ya Fussilat Mwenyezi Mungu anatuonyesha ardhi iliyonyauka. Maji yakiishukia inatikisika na kuumuka, na aliyeihuisha hiyo ndiye atakayewahuisha wafu. Hatusemi Bibi atachipua makaburini kesho. Tunasema anayeweza hili, lile halimshindi.

Hapo nilisisitiza kwa sababu namjua. Bila sentensi ile angekwenda kumwagilia kaburi. Na hata hivyo aliuliza, "Siku ngapi?" Nikamjibu kwamba siku hiyo Mungu hakumwambia mtu yeyote, hata Mtume. Alishangaa kidogo kwamba kuna jambo ambalo hata Mtume hakuambiwa, na naona lilimstarehesha kuliko kama ningemtajia tarehe.

Kilichonishinda ni cha chuoni. Mtoto mwenzake alimwambia kaburini mna nyoka. Sikumwita mwenzake mwongo, kwa sababu watoto hupata mambo hayo kwenye mawaidha ya wakubwa na hubeba nusu. Nilimwambia onyo ni la watu wazima wanaodhulumu kwa kusudi, na kwamba kalamu ya madhambi haimwandikii mtoto mpaka abaleghe. "Na Bibi?" Nikasema Bibi alikuwa akisali, akilisha jirani, na Mola wake ni Mwingi wa rehema, sisi tunamwombea. Nikamfundisha dua fupi ya kumwombea msamaha, anaisema baada ya Magharibi. Mtume ametufundisha kwamba amali ya mtu hukatika anapokufa ila kwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Alipojua kwamba ana kazi ya kufanya, alianza kunikumbusha mimi.

Jambo ambalo ningewaonya wenzangu ni ukimya. Wiki ya pili watu wa nyumbani waliacha kumtaja marehemu mbele ya mtoto. Kanga zake zikafungwa furushi. Kila akisema "Bibi" mtu anamtuma dukani. Nikakumbuka hadithi ya Anas bin Malik kuhusu mdogo wake aliyeitwa Abu Umair. Mtoto huyo alikuwa na kindege akicheza nacho, kikafa, akawa na huzuni. Mtume alipomkuta, alimwita kwa jina lake la heshima na akamuuliza: "Ewe Abu Umair, kindege kimefanya nini?" Alikitaja. Hakujifanya kwamba hakijakuwapo, wala hakusema atanunuliwa kingine. Basi nikalifungua furushi, nikampa mjukuu kanga moja ajifunike. Binti yangu alinitazama vibaya siku mbili, akidhani namkumbusha mtoto. Mtoto hakuwa amesahau.

Na alipotaka kujua kama wanaume wanalia, nilimwambia Mtume alilia mwanawe Ibrahim alipofariki, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. "Wewe ulilia?" Nilimwambia nililia chooni. Akaniambia mwaka huu nikitaka nilie barazani, yeye atakaa nami.

Makaburini nilimpeleka Ijumaa moja baada ya arobaini, jua limepungua. Nilimweleza kabla atakachokiona: mchanga ulioinuka, jiwe la kichwani, miti. Tukatoa salamu kwa watu wa nyumba zile, tukasoma Fatiha, tukakaa dakika chache. Aliuliza kwa nini tunawasalimia. Nikasema ni majirani waliotutangulia. Akasogea kwenye kila kaburi la karibu akisema "Asalaamu alaikum" mpaka nikamshika mkono turudi.

Swali la mwisho lilikuja wakati tunaipanda ile nazi nyingine iliyochipua, karibu na kisima. Nilimwambia kwamba Muislamu akipanda mti, akila ndege au mtu matunda yake, anaandikiwa sadaka, na huu tunaunuia thawabu zake zimfikie Bibi. Akauliza utazaa lini. Mnazi wetu mrefu wa kienyeji hauna haraka: miaka 6, 7, pengine zaidi. Akahesabu kwa vidole, akaongeza vyangu kwa sababu vyake havikutosha.

"Babu, utakuwa na miaka themanini."

"Inshallah."

"Na wewe utakufa?"

"Nitakufa. Sijui lini. Leo sijisikii kuumwa, na nikiumwa nitakwambia. Na mama yako yupo, na baba yako yupo, na mjomba wako yupo."

Akautazama mche, majani yake mawili yameshikana bado kama mikono ya mtu anayeomba.

"Na kama wewe hupo, nani ataangua?"

"Utakwea wewe."

Akafikiri. Kisha akachukua kopo, akaenda kisimani kuteka maji, na aliporudi alimimina nusu kwenye mche, nusu akaniletea mimi ninywe.