Re: Gundi ya chungu cha maonyesho

"Chungu cha bibi kimevunjika vipande vinne. Niunge kwa epoksi?"

Epoksi hapana, ndugu. Kuitoa baadaye ni kuumiza udongo. Tumia Paraloid B-72, gundi ya akriliki, iliyoyeyushwa kwa asetoni. Asetoni hiyohiyo huilegeza hata baada ya miaka mingi.

Udongo uliochomwa kwa moto mdogo hufyonza gundi, kiungo kikabaki dhaifu. Kwa hiyo pakaza kwanza kingo myeyusho mwepesi wa asilimia 5, ukauke kabisa, ndipo uunge kwa ule mzito. Tabaka hilo pia litatenga udongo na jasi utakayojazia pengo. Usikiweke juani: gundi hii hulainika karibu nyuzi 40 za Selsiasi.

Andika tarehe, gundi, asilimia yake na mahali penye jasi, pamoja na picha za kabla na baada.