Koti la mitumba na vifungo vinne

Swali la wiki: "Je, kubadilisha zipu au vifungo kunaweza kubadilisha nguo nzima? Tupe mfano uliouona mwenyewe."

Kunaweza kabisa. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, na mfano wangu ni koti moja la sufu la kijivu. Mama mmoja alilinunua mitumba pale Memorial, akaniletea mwezi wa saba baridi ilipokolea. Sufu yenyewe ilikuwa nzito na safi, lakini zipu ya mbele, ile ya meno makubwa ya plastiki, ilikuwa imeng'oka meno matatu.

"Fundi, niwekee nyingine kama hiyo hiyo," akasema. "Nataka koti la kwenda nalo kanisani."

Nikamwomba alivae kwanza, akae kwenye kiti. Utepe wa zipu ni mgumu kuliko sufu, kwa hiyo alipokaa, kitambaa kilitaka kukunjika tumboni na zipu ikakataa, mbele kukatuna. Aliposimama, nililoliona ni mstari mmoja wa meno meusi kutoka shingoni hadi chini. Ule mstari ndio uliolifanya koti zuri lionekane jaketi la dereva wa pikipiki. Nikamwambia, "Mama, hili tulitie vifungo."

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Zipu hukutanisha kingo mbili uso kwa uso, lakini vifungo vinahitaji upande mmoja ulale juu ya mwingine. Ukitoa zipu na kushona vifungo hivyo hivyo, koti linapungua upana, na vifungo vinahama kutoka katikati ya kifua. Nilichofanya ni kukata sentimita 1.5 kila upande, na matundu ya sindano ya ile zipu yakaondoka humo humo. Kisha kila upande nikaunga ukanda uliokunjwa, wenye upana wa sentimita 5 ukishaisha, kwa sufu nyeusi niliyoitoa kwenye miguu ya suruali ya mitumba. Mshono ulichukua sentimita 1, kwa hiyo nusu ya ukanda ilirudisha kilichopungua, na nusu nyingine ikawa ndiyo ya kulaliana. Katikati ya ukanda ikawa katikati ya mwili wake. Upande wa kulia ukalala juu, kama ilivyo desturi ya nguo za kike.

Ukubwa wa kifungo niliutafuta kwa karatasi. Nilikata viduara, nikavibana kwa pini, yeye akiwa mbele ya kioo. Vya sentimita 1.5 vilizama kwenye ile sufu nzito, koti likawa kama sweta la shule. Vya 3.5 vilijaa ukanda, ukaviona vifungo kabla ya kumwona aliyevaa. Vya 2.5 vikatulia. Cha kwanza nilikiweka pale kifua kinapojaa zaidi, kwa sababu kikikosa pale, nguo hupasua mdomo kati ya vifungo viwili. Vingine vitatu nikavipanga kwa nafasi sawa kushuka, cha mwisho kikaishia juu ya paja ili apate nafasi ya kupiga hatua.

Binti yake alitaka vile vijiti vya mbao vinavyopita kwenye vitanzi vya kamba. Ninavipenda sana kwenye koti pana la kutembelea shambani, na uzuri wake ni kwamba hata mkono wenye glovu unavifungua. Ila huacha mwanya upepo unapita, na hulipa koti sura ya safari, si ya kanisani. Vifungo vya kubonyeza navyo nilivikataa: vikivutwa kutokea mbele huachia, na mama huyu ana kifua kikubwa. Kulabu ndogo na kitanzi chake nilivitia ndani ya kola tu, ili shingo ifunge bila kuonyesha kilichoifunga.

Matundu nilipima kwa kuzungushia kifungo kipande cha karatasi kikipita katikati yake, mbele na nyuma, nikachukua nusu ya mzunguko huo, karibu sentimita 3, maana unene wa kifungo nao unahitaji kupita. Wakati wa kushona vifungo nililaza njiti ya kiberiti juu ya kila kimoja, uzi ukapita juu yake. Nikaichomoa, nikakivuta kifungo juu na kuuzungusha uzi chini yake mara sita hadi ukawa shingo fupi. Bila shingo hiyo, kifungo kinaibana sufu nzito na kuzunguka tundu kunakuwa na vishimo.

Alipokuja kulichukua, alikaa tena kwenye kiti kile kile. Sufu ikakunjika tumboni kati ya kifungo cha pili na cha tatu, ikalala.